Mwanagenzi wa mikate hakumbuki kama ametia chumvi, na hadithi yangu imekwama hapo

Pakacha

Wapendwa, nina hadithi imelala kwenye daftari tangu mwezi mosi. Ni ya mambo ya ajabu, lakini ajabu yenyewe ndogo, ya jikoni. Hakuna vita, hakuna mfalme, hakuna mtu anayeokoa dunia. Mji ni kama Mji Mkongwe wa Unguja, ila vichochoro nimevipanga ninavyotaka mimi.

Time ana miaka 15, mwanagenzi kwa Fundi Haji, mwoka mikate. Tanuri ni la kuni, na ndani yake anakaa kibwengo. Hadhuru mtu. Kila siku humjibu aliyewasha moto swali moja tu, na hasemi uongo. Ujira wake ni mkate wa kwanza kutoka.

Siku ya kisa Fundi Haji kaenda mazikoni shamba, kamwachia Time kazi yote kwa mara ya kwanza. Unga kilo 5, bofulo 40. Kakanda, kafunika, kaketi. Ndipo linamjia: chumvi nimetia? Alipokuwa anakanda mtu alibisha hodi, akaenda mlangoni, akarudi, na hapo katikati kumbukumbu imepotea. Kibwengo angemwambia mara moja. Lakini swali la leo Time kaliweka kwa ajili ya paka wake, ambaye hajaonekana siku tatu.

Hicho ndicho kisa chote. Aulize chumvi au aulize paka. Ndugu yangu kasoma akasema "hakuna kinachotokea". Hiki hapa kipande chenyewe:

*Time alikitazama kitambaa kilichofunika unga. Moyo ulimwenda mbio. Je, alitia chumvi? Hofu kubwa ilimjaa kifuani. Alijua mji mzima ungemcheka. Alitetemeka. Afanye nini?*

Nasikia kabisa kwamba hakisimami, ila sijui kwa nini.

Ngurumo

Mkuu, tatizo lako liko wazi. Hakuna adui. Weka mwoka mikate wa mtaa wa pili anayetaka kumfilisi Haji, yeye ndiye aliyebisha hodi makusudi. Usiku akachome duka. Chumvi peke yake haimkoseshi mtu usingizi. Mimi nikila mkate usio na chumvi naongeza siagi, maisha yanaendelea.

FunditanuriPemba

Nakanda unga mwaka wa 19 huu, na nimesoma kisa chako nikacheka peke yangu. Mwanangu, si angeonja tu? Unabana kinyunya kidogo kama punje ya kunde, unatia mdomoni, unatema. Unga mbichi wenye chumvi na usio na chumvi hata mtoto anautofautisha. Kibwengo wa nini hapo?

Kingine, unasema kakanda akafunika akaketi, kama vile unga uko kimya. Unga usio na chumvi hauko kimya. Chumvi ndiyo inayoishika hamira isikimbie, na ndiyo inayoukaza unga. Ukiisahau, unga unanata mikononi, unalegea, na unaumuka upesi kuliko kawaida. Time kama kakaa kwa Haji miezi sita, mikono yake ilishamwambia wakati anakanda. Labda alikuwa anamuwaza paka.

Pakacha

Fundi, umenibomolea nyumba kwa sentensi moja. Angeonja tu. Miezi yote hii sikuliona hilo.

Mama wa Watatu

Samahani wapendwa, naona hapa pana fundi. Mimi mkate wangu wa kumimina unadidimia katikati kila nikipika. Juu unakuwa kama sahani. Mchele naroweka usiku, alfajiri nasaga na tui zito, iliki, hamira kijiko cha chai kimoja, naacha hadi nikirudi kazini mchana. Na mimi chumvi sitii, je, ndiyo sababu? Nisaidie, wifi zangu wanakuja Ijumaa.

FunditanuriPemba

Bibie, kumimina haujafa kwa chumvi. Umekufa kwa kungoja. Kutoka alfajiri hadi mchana kwa joto la pwani ni masaa mengi mno. Huo mchanganyiko uliumuka, ukafika juu, ukaanguka wenyewe wakati wewe uko kazini. Ukirudi angalia ukuta wa beseni lako ndani. Ukiona mstari wa povu lililokauka juu, na mchele wenyewe uko chini ya mstari, basi ulishapanda ukashuka. Ukiumimina hapo hauna nguvu tena ya kujibeba. Saga ukirudi, ngoja ukaribie kujaa maradufu, mimina wakati juu yake bado pana vipovu vidogo vidogo. Siku ya joto saa moja hivi yatosha, ila usiutazame ukuta wa saa, utazame ukuta wa beseni.

Mama wa Watatu

Mstari upo! Kila siku nausugua nikidhani ni uchafu. Sukari je, natia mwanzo au mwisho?

FunditanuriPemba

Mama yangu alitia mwisho, mke wangu anatia mwanzo. Nimeshakula yote miwili na sitaki ugomvi nyumbani.

Pakacha

Mama wa Watatu, huo mstari wa beseni nauiba. Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu.

Kuhusu kuonja, nimepata njia. Naiweka siku ya Ramadhani. Wanaoka alasiri ili mikate iwe ya moto kwa futari. Time kafunga, hawezi kuonja. Imekwisha.

Abuu Swafwaan

Haijakwisha. Wengi wanadhani kuonja kunafunguza, lakini wanazuoni wengi wamemruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, mradi asimeze kitu. Bila ya haja ndiyo inakuwa karaha. Time ana haja, ana mikate 40 ya watu.

Ngurumo

Bibi yangu alipika Ramadhani zote bila kuonja hata mara moja na chumvi haikuwahi kupotea. Kuonja kunafunguza, ndivyo tulivyolelewa.

Abuu Swafwaan

Ndugu, bibi hakuonja kwa tahadhari yake, Mungu amlipe. Tahadhari ya bibi na hukumu ni vitu viwili.

Kalamu Butu

Msigombane, mmempa Pakacha zawadi bila kujua. Msiuondoe ubishi huo kwenye hadithi, uingizeni. Time ameshasikia kwamba mpishi anaruhusiwa. Lakini hii ni Ramadhani yake ya kwanza anayoikamilisha bila kukosa siku, bibi yake hakuonja kamwe, naye anataka kuwa kama bibi. Basi kuonja kunawezekana, ila kuna gharama kwake yeye peke yake. Hakuna atakayemlaumu akionja. Uamuzi wa namna hiyo naupenda kuliko wa kulazimishwa.

Sasa kuhusu kipande chako. Ngurumo amesema jambo la kweli ndani ya jambo nisilokubaliana nalo. Adui hahitajiki. Lakini ni kweli kwamba msomaji hajui kosa litagharimu nini, kwa hiyo unamlazimisha aogope kwa maneno: moyo ulimwenda mbio, alitetemeka, hofu kubwa. Mtu anayetetemeka kwa ajili ya chumvi mimi naona ana homa. Fundi atuambie: asipotia inakuwaje, na akitia mara mbili inakuwaje?

FunditanuriPemba

Kwa kilo 5 za unga mimi natia maji lita 3 na chumvi gramu 100. Kwa mkono wangu ni makonzi mawili. Asipotia kabisa, mkate unatoka mweupe mweupe hata ukikaa motoni muda wake wote, maana hamira imekula utamu uliokuwa upakaze ganda rangi. Ukiuma, ni kama unakula pamba. Akitia mara mbili, gramu 200, huo hauliki. Hamira nayo inazimia, mkate unakuwa mzito. Kwa mtu aliyefunga mchana kutwa, kumfuturisha mkate wa chumvi namna hiyo ni dhambi nyingine tena.

Kwa hiyo "nitie tu kwa tahadhari" ni njia mbovu kuliko kuacha. Nusu je? Akitia konzi moja, anakosea kidogo pande zote mbili. Watu watakula, hakuna atakayesifu. Nimewahi kufanya hivyo, sijivunii.

Na chumvi ikisahauliwa, haijachelewa hata kama unga umeshaumuka. Unaikoroga na maji kidogo sana, unaimwagia, unakanda upya. Mwanzo unga unateleza na kukatikakatika kama umeharibika kabisa. Wanagenzi wengi hapo ndipo wanapolia. Endelea tu, baada ya dakika chache unajishika tena, na safari hii unakuwa mkavu na mkazo.

Pakacha

Hapo unapokatikakatika! Fundi, hilo nisingelibuni hata nikikaa mwaka.

Basi nimeandika Time akikanda saa saba na nusu mchana.

FunditanuriPemba

Mapema mno, umempa starehe. Akianza saa saba na nusu, hata akikosea na kurekebisha, mikate iko tayari saa kumi na nusu kasoro na Magharibi ni kama saa kumi na mbili na nusu. Anaweza hata kulala. Mwanzishe saa tisa. Anashtuka saa kumi. Akifika kukanda chumvi ni saa kumi na nusu. Kukata na kuviringa vinyunya 40, robo saa kwa mkono wa mwanagenzi ikiwa ana haraka. Kuumuka tena dakika 40. Hapo saa kumi na moja na nusu. Tanurini dakika 20 na kitu, anatoa saa kumi na mbili kasoro. Watu wanaanza kuja na vikapu saa kumi na moja. Hapo sasa atawaona mlangoni na mikate haijaingia motoni.

Kalamu Butu

Adui tumempata, Ngurumo. Ni foleni.

Ngurumo

Sawa, foleni naikubali. Lakini nina mwisho mzuri zaidi. Time anauliza paka. Kibwengo anamjibu: "Amezaa juu ya gunia la chumvi, na tangu asubuhi hajanyanyuka." Maana yake gunia halijaguswa, maana yake chumvi haikutiwa. Swali moja, majibu mawili. Piga makofi.

Mama wa Watatu

Hii nzuri jamani.

FunditanuriPemba

Hiyo chumvi yenye manyoya ya paka atawatilia watu gani?

Kalamu Butu

Ni werevu, nakiri. Ila mwisho huo siupendi kwa sababu unamsamehe kuchagua. Amechagua paka akapewa vyote. Pakacha alitaka tumwone mtu akilipa kitu kidogo. Wewe umemrudishia chenji yote.

Ngurumo

Watu wanapenda kurudishiwa chenji.

Mwana wa Mkunguni

Nimechelewa kufika, nina swali dogo. Kibwengo kwetu ni wa baharini. Tanurini kafikaje? Mbona usiweke jini tu?

Pakacha

Alikuja na kuni. Fundi Haji huchoma kuni za mikoko, na mkoko unasimama ndani ya maji ya chumvi. Alikuwa amelala kwenye shina, akaamkia tanurini, akaona ni pazuri. Ulipoandika "wa baharini" nimepata na hili: kwa asili yake chumvi anaijua kuliko mtu yeyote mjini. Kwa hiyo kumuuliza chumvi ni kama kumuuliza mvuvi jina la samaki.

Nimeandika upya. Ni ndefu kidogo, nivumilieni.

*Saa kumi Time alifunua kitambaa. Unga ulikuwa umefika ukingoni mwa beseni, mahali ambapo kwa kawaida hufika Fundi Haji akiwa ameshapiga usingizi wake na kuamka. Aliugusa. Ukamfuata kidoleni kama gundi.*

*Joto, alijiambia. Leo kuna joto.*

*Na kweli lilikuwepo. Kuta zilikuwa zikitoa jasho na nzi hawakuwa na nguvu za kuruka. Unga wa siku ya joto hunata. Unga usio na chumvi hunata pia. Alisimama na kidole juu akijaribu kuiona mikono yake ya saa tisa: unga, maji, hamira, halafu hodi. Alikuwa mke wa mvuvi, anataka mikate sita badala ya minne. Halafu mikono yake tena ndani ya beseni. Kati ya hodi na beseni palikuwa na tundu.*

*"Uliza," lilisema tanuri. Sauti ya kibwengo ilikuwa kama kuni mbichi.*

*"Swali la leo lina mwenyewe."*

*"Sijasema kitu."*

*Alibana kipande cha unga, akakitazama. Mpishi anaruhusiwa, mwalimu wa chuo alisema hivyo, ncha ya ulimi tu. Zilibaki siku nne. Bibi yake hakuwahi kuonja. Alikitandaza kipande kiganjani, akakitupa kwenye sakafu ya tanuri karibu na makaa, akahesabu pumzi. Kilipovimba alikitoa kwa kijiti. Kilikuwa cheupe kama jicho la papa aliyekaushwa.*

*Nje, Kombo wa jirani alikuwa akiviringisha ringi la baiskeli. Ana miaka mitano, hafungi.*

*"Onja hiki."*

*Kombo alikula. "Tamu."*

*Time alimkatia mkate wa jana. "Na huu?"*

*"Tamu."*

*"Kombo. Mama akikupa samaki, utakula na upi?"*

*Mtoto alifikiri kwa muda mrefu kuliko ambao mtu mwenye haraka anaweza kuuvumilia. Alionyesha mkono wa mkate wa jana.*

*"Kwa nini?"*

*"Ule hauna kitu."*

*Makonzi mawili, maji ya kuloweka tu. Alipoimwagia chumvi na kuanza kukanda, unga uliteleza, ukapasuka, ukawa vipande vipande visivyojuana. Alikanda. Huko nje mtu wa kwanza aliweka kikapu chake kizingitini na kukohoa, kwa adabu, ili ajulikane yupo. Alikanda. Kikapu cha pili. Kisha, chini ya viganja, vipande vilianza kutafutana.*

*"Sasa unaweza kuniuliza kama wataingojea," kibwengo alisema. "Nalijua hilo pia."*

*Time aliangalia mlango, akaangalia beseni. Akafuta mikono.*

*"Paka wangu yuko wapi?"*

Mama wa Watatu

Nimesoma nikiwa jikoni, nimeunguza vitunguu. Yuko wapi sasa?

Ngurumo

Hapana, hapana. Umekatia pale pale. Nataka kujua paka, nataka kujua mikate, nataka kujua kama yule mke wa mvuvi alipata sita. Ila "ili ajulikane yupo" nimeipenda. Shangazi yangu hukohoa hivyo.

FunditanuriPemba

Kipande cheupe kina shaka. Unga unaoumuka kupita kiasi kwa joto nao hutoka mweupe, hata una chumvi. Time asiamini rangi peke yake. Kwa bahati umemtia Kombo, basi nakupitishia. Na karibu na makaa kipande kingeungua upande mmoja, andika hivyo. Hilo la vipande kutafutana ndivyo kabisa.

Abuu Swafwaan

Na mimi bado nasema angeonja, hakuna tatizo. Lakini msichana ana haki ya tahadhari yake. Kwenye "zilibaki siku nne" nilitaka kumwambia avumilie.

Kalamu Butu

Hapo juu nilikosoa "moyo ulimwenda mbio", na sasa hakuna moyo hata mmoja kwenye kipande kizima. Pakacha, jambo moja tu linanisumbua. Kibwengo anapojipigia debe mara mbili, "uliza", halafu "sasa unaweza kuniuliza", anakuwa kama muuza karanga. Mnyamazishe ya kwanza. Akisema mara moja tu, mwishoni, kishawishi kinauma zaidi.

Pakacha

Ya kwanza naipenda kwa sababu ya "sijasema kitu". Nitalala nayo.

Ngurumo, mke wa mvuvi alipata sita. Hayo mengine sijaandika.

Mwana wa Mkunguni

Mkate wa kwanza ni wa kibwengo, sivyo? Basi bofulo ni 39, na walioagiza 40. Nani atakosa?

Pakacha

Ya Rabi.

FunditanuriPemba

Huwa tunakata kinyunya kimoja cha ziada. Haji angemfundisha hilo siku ya kwanza. Lakini kama kipande cha Kombo kilitoka kwenye beseni hilo hilo…

Mama wa Watatu

Natoka nje ya mada, niwie radhi. Kumimina leo nimesaga saa kumi jioni, nikausubiri nimekaa mbele ya beseni kama naangalia mpira. Saa kumi na moja na kitu nikaumimina, makaa juu makaa chini. Umesimama. Kuna kishimo kidogo kama kitovu, lakini umesimama. Fundi, hicho kishimo ni cha nini tena?